SOMO: Kuhamisha Thunderbird nzima (barua, paswedi, anwani) kabla ya kupiga Windows upya

Ukiondoa Thunderbird na kuiweka tena, barua zako kwa kawaida hazipotei, kwa sababu zinakaa kwenye folda ya mtumiaji, yaani profaili, mbali na programu yenyewe. Kinachozifuta ni kufomati diski, na hapo ndipo mafundi wengi wanapookoa Documents na Desktop wakaiacha folda hii, kwa kuwa Windows imeificha.

Anza kwa kujua akaunti yako ni ya aina gani. Fungua Account Settings, kisha Server Settings. Ukikuta IMAP, barua ziko kwenye seva na zitarudi zenyewe. Ukikuta POP, kuwa makini sana. Thunderbird huzishusha barua kwenye kompyuta, na hata pale ilipowekwa alama ya kuziacha kwenye seva, mara nyingi muda wake ni siku 14 tu. Ya mwaka juzi iko kwenye diski yako na hakuna kwingine.

Tuchukue mfano wa ofisi ndogo yenye akaunti moja ya POP, na profaili ya GB 6.

1. Andika pembeni idadi ya barua zilizomo kwenye Inbox na Sent. Namba hizo ndizo zitakazokuhakikishia baadaye kwamba umerudisha vyote.

2. Nenda Help, kisha Troubleshooting Information, utafute mstari wa Profile Folder na ubonyeze Open Folder. Right-click folda hiyo, fungua Properties, uone ukubwa wake.

3. Kama haifiki GB 2, njia nyepesi ipo: Tools, kisha Export. Utapata faili moja la ZIP, na baadaye utalirudisha kwa Tools, kisha Import. Profaili yetu ya GB 6 imepita kikomo hicho, kwa hiyo tunanakili kwa mkono.

4. Funga Thunderbird kabisa, na uhakikishe kwenye Task Manager kwamba haipo. Ikiwa wazi inaendelea kuandika kwenye mafaili yale yale unayonakili, na nakala inaweza kutoka na hitilafu usiyoiona.

5. Chomeka diski ya nje (hapa ni E:), fungua Command Prompt, kisha:

```
robocopy "%APPDATA%\Thunderbird" "E:\Thunderbird" /E
```

Beba folda nzima ya Thunderbird, usichague vipande. Ndani yake `key4.db` na `logins.json` hutunza paswedi, na moja bila jingine halikusaidii kitu. `prefs.js` lina mipangilio ya akaunti, `abook.sqlite` lina anwani, na `profiles.ini` ndilo linaloiambia programu profaili iko wapi.

6. Baada ya Windows mpya, sakinisha Thunderbird ya toleo lile lile au jipya zaidi, usiifungue bado, kisha rudisha:

```
robocopy "E:\Thunderbird" "%APPDATA%\Thunderbird" /E
```

Fungua, linganisha na zile namba za hatua ya kwanza. Usifute nakala ya E: kabla hazijalingana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, fleshi yangu ina nafasi GB 20 lakini Inbox inagoma, inasema faili ni kubwa mno.*

Fleshi hiyo ni FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4, na Thunderbird kwa kawaida huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha ifomati kuwa exFAT au NTFS.

*Nimerudisha kila kitu, lakini imefunguka tupu inataka akaunti mpya.*

Imetengeneza profaili yake mpya, barua zako zipo. Ifunge, bonyeza Windows+R, andika `thunderbird.exe -P`, uchague ile ya zamani. Ikikuambia umefungua toleo la zamani zaidi, usilazimishe. Sasisha programu kwanza.

*Mimi natumia IMAP, bado nihangaike?*

Ndiyo, ndugu, kama kuna chochote chini ya Local Folders. Hizo haziko kwenye seva. Vichujio ulivyotengeneza kwenye Thunderbird na anwani ulizohifadhi kwenye kompyuta nazo ni hivyo hivyo.

*Nataka kumpa mwenzangu barua za zamani za ofisi bila kumpa paswedi.*

Basi usimpe profaili. Kama hukuweka Primary Password, mwenye folda hiyo anaweza kuziona paswedi zote. Ingia `Mail`, kisha folda ya akaunti, unakili faili la `Inbox` lisilo na `.msf`. Libadilishe jina, mfano `Ofisi2022`, naye aliweke kwenye `Mail\Local Folders` Thunderbird yake ikiwa imefungwa. Akiifungua italiorodhesha na kutengeneza `.msf` yake yenyewe.