Somo: Kupima andiko la mtu lililonyooshwa na mashine

Wakuu, kila wiki naulizwa, "Hili kaandika mtu au mashine?" Mara nyingi ni wote wawili: mtu kaandika rasimu, mashine ikainyoosha. Cha kupima ni kama mashine imegusa maneno tu, au imegusa na madai. Naandika mara hii moja.

1. Omba rasimu ya kwanza, na agizo ambalo mashine ilipewa.

2. Linganisha matini mbili neno kwa neno:

```
git diff --no-index --word-diff rasimu.txt safi.txt
```

3. Kagua madai, sentensi kwa sentensi. Hapa ndipo nilipokosea. Rasimu ilisema: "Kati ya wakulima 12 niliowahoji, 7 walisema mavuno yalipungua, huenda kwa sababu mvua ilichelewa." Iliponifikia ilisomeka: "Wakulima wengi wamethibitisha kuwa kuchelewa kwa mvua kumepunguza mavuno." Nikamshutumu mwandishi kwa kutia chumvi, kumbe sikuwa nimeomba rasimu. Tazama kilichopotea: 7 kati ya 12 imekuwa "wengi", "walisema" imekuwa "wamethibitisha", na "huenda" imefutwa, kwa hiyo dhana ya watu imegeuka sababu iliyothibitika. Sarufi haina kosa hata moja, ndiyo maana jicho linapita. Tahadhari: usitafute sentensi mbovu. Tafuta namba, maneno ya shaka, na nani alisema.

4. Kila dai lililobadilika, muulize mwandishi analisimamia kwa ushahidi gani. Akishindwa, rudisha sentensi ya rasimu.

Maswali

— Mkuu, si uweke tu kwenye kigunduzi cha maandishi ya mashine kikupe asilimia?

Soma hatua ya 3. Asilimia haikuambii "huenda" imekwenda wapi. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walikiondoa kigunduzi chao Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

— Kwa hiyo asilimia ngapi inaruhusiwa?

Nimeshajibu hapo juu.

— Na kama mwandishi hakutunza rasimu? Si kwamba anaficha, aliandika juu kwa juu.

Swali zuri. Kama aliandika kwenye Google Docs, historia ya matoleo huwa ipo. Ikikosekana, kaa naye umuulize kila dai alilipataje. Aliyehoji wakulima atakwambia walikuwa wangapi na nani alisitasita. Ila hapo unapima kama analijua jambo lake. Mashine iligusa nini hutajua, basi usimhukumu kwa hilo.

— Mimi huzungushia namba na kila "huenda" kwenye rasimu kabla ya kuipeleka kunyooshwa. Ikirudi naanza na hayo.

Nakuiga kuanzia leo. Ongeza vikanushi: "haikuonekana kupungua" ikigeuzwa "ilibaki vilevile", hilo ni dai jingine kabisa.