Kabla hujaenda BTP, mazoezi ya kufundisha, Lindi au Mtwara: chelewa, mfuko wa saruji na hesabu ya kukopa

Tuanze na mada inayowasumbua wengi darasa la pili, kutoa kwa kukopa. Mpe mtoto 42 − 17, naye ataandika 35. Ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akatoa 2 kwenye 7. Chati ya ukutani yenye jibu zuri la rangi haimsaidii hapo. Anahitaji kumi inayofunguka mikononi mwake.

Huku kwetu minazi ipo, kwa hiyo chukua chelewa. Kata vipande vya sentimita 10, acha ncha nyembamba, kisha sugua mikato sakafuni isichome vidole. Funga kumi kumi kwa vipete vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Usitumie gundi wala uzi wa fundo gumu, maana fungu lisipofunguka zana imekufa. Kila kundi la watoto sita lipewe vijiti 50, kwa hiyo darasa la watoto 60 linataka vijiti 500. Anza wiki moja kabla. Kukata ni rahisi, kuhesabu ndiko kunakochosha. Korosho mbichi nazo zinahesabika, ila mimi siwapi watoto wadogo: mmoja akiing'ata, mafuta ya ganda yatamuunguza midomo.

Chati itokane na mfuko wa saruji wa karatasi. Kung'utia nje, tupa tabaka lililogusa saruji, tumia la katikati. Kunja sehemu ya chini juu kidogo, ushone mifuko miwili kwa sindano: MAKUMI kushoto, MAMOJA kulia, kwa mtazamo wa mtoto. Gundi ya unga wa muhogo inashika, lakini mende wanaipenda. Andika kwa maka nyeusi. Nyekundu hufifia kwenye kaki. Kisha simama dawati la mwisho usome. Usiposoma, andika upya.

Darasani, 42 ni mafungu 4 na vijiti 2. Mtoto anatakiwa atoe 7, havipo. Anafungua fungu moja: yamebaki mafungu 3, na vijiti sasa ni 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Anatoa fungu 1, yanabaki 2. Jibu ni 25. Mwache aandike kila hatua palepale anapoigusa, la sivyo vijiti vitabaki mchezo na daftari litarudi kwenye 35.

Kadi za maswali zije mwisho. Changanya 42 − 17 na 42 − 11, na swali la kwanza lisiwe jibu bali "Tufungue fungu au tusifungue?" Kadi zikiwa zote za kukopa, watoto watafungua bila kufikiri.

Kwenye faili chora mchoro mdogo wa chati, maana yenyewe haiingii. Andika darasa, mada, vifaa, hatua za matumizi na namba ya andalio la somo. Acha nafasi ya tathmini, ujaze siku hiyohiyo ni watoto wangapi bado wanageuza tarakimu.