Somo: Tanga hadi Mwanza kwa zamu, madereva wawili wanaokoa saa ngapi?

Wengi hudhani mtu mmoja akitumia siku mbili, wawili watatumia moja, kama vibarua wawili wanavyomaliza shimo kwa nusu ya muda. Gari haliendi hivyo. Usukani ni mmoja, na njia haifupiki.

Hatua ya kwanza: tafuta saa za magurudumu. Kupitia Segera, Moshi, Arusha, Babati na Singida, weka kama kilomita 1,200. Wastani uchukue 60 kwa saa, kwa sababu kila kijiji kina kibao cha 50. 1,200 ÷ 60 = saa 20. Saa hizi hazipungui hata mkiwa madereva watano.

Hatua ya pili: ongeza vituo. Dereva peke yake anaondoka Tanga saa 12 asubuhi, anapumzika nusu saa kila baada ya saa nne, na saa 11 jioni yuko karibu na Babati, ameendesha saa 10. Hapo analala. Kesho yake anaondoka saa 12 asubuhi, anafika saa 11 jioni. Jumla saa 35, na 13 kati ya hizo gari lilikuwa limeegeshwa usiku.

Hatua ya tatu: ondoa usiku huo. Wawili wakipokezana, zinabaki saa 20 pamoja na kama saa mbili za kula, mafuta na kubadilishana. Jumla 22. Kilichookolewa ni zile saa 13 za kulala, basi.

Hatua ya nne ndiyo ngumu: pangeni usingizi kabla ya usukani. Kati ya saa 8 na saa 11 usiku mwili wenyewe unadai kulala, hata wa aliyezoea safari. Atakayeshika zamu hiyo alale tangu jioni, kiti kimelazwa kidogo tu na mkanda umefungwa. Akiamshwa asikabidhiwe gari papo hapo. Ashuke, anawe uso, atembee, robo saa au zaidi ipite. Mkiona gari linapanda ukingo wa lami, au dereva hakumbuki kijiji alichopita, egesheni mahali salama, hata kama hesabu itaharibika.

MASWALI

Swali (Pangani): Shikamoo mwalimu. Tukibadilishana kila saa moja si tutachoka kidogo?

Jibu: Marahaba. Hapana, anayelala hatapata usingizi mzito; mzunguko mmoja wa usingizi ni kama dakika 90. Zamu ya saa tatu hadi nne inafaa.

Swali (Muheza): Na Tanga hadi Dar, nibebe dereva wa pili?

Jibu: Kwa muda, hutapata kitu. Safari hiyo inaisha mchana mmoja, hakuna usiku wa kuondoa.

Swali (Korogwe): Mwenzangu huenda 40, mimi 60. Wastani si 50?

Jibu: Mkigawana saa sawa, ndiyo, saa 24. Mkigawana kilomita sawa, wewe 600 kwa saa 10, yeye 600 kwa saa 15: jumla 25, wastani 48. Gawaneni kwa saa.