Somo: Wateja wa jirani wakuone kwenye ramani ya Google na Instagram (mfano: fundi wa magauni, Sinza)

Wadau, mtu aliyeko Mwenge akitaka kushonewa gauni haandiki "Kata ya Sinza, Manispaa ya Ubungo". Anaandika "fundi magauni sinza" au "fundi cherehani africasana". Ukifungua kurasa za mafundi wengi unakuta "Dar es Salaam, Tanzania" na emoji ya mkasi, basi. Nani atatoka Kimara kuja Sinza kupunguza suruali? Tuchukue fundi mwenye fremu Afrika Sana, barabara ya Shekilango, tumpange.

Hatua ya 1: Maneno yatoke kwa wateja

Fungua WhatsApp, soma meseji za kwanza za wateja wapya. "Dada upo Sinza ipi?" "Ni kabla ya Afrika Sana au baada?" "Gauni la sendoff ufundi shingapi?" Hayo ndiyo maneno yako. Majina ya vituo vya daladala ndiyo anwani ya kweli ya Dar, kuliko jina la mtaa lililo kwenye leseni. Kisha andika "fundi sinza" kwenye Google polepole, uone inavyokumalizia sentensi. Chagua machache tu: Sinza, Afrika Sana, Shekilango, kushona gauni, sare za sendoff, kupunguza nguo.

Hatua ya 2: Google

Ingia `business.google.com`. Hapa kuna sehemu nne, na kila moja ina kazi yake.

Jina: liwe lile lile la kwenye bango. Najua mnapenda kuandika "Fundi Bora wa Magauni Sinza Bei Nafuu". Google hawaruhusu, na jirani yako anaweza kukuripoti ukurasa ukasimamishwa.

Aina ya biashara: hii ina uzito mkubwa. Kwa fundi wa magauni ya kina dada, aina kuu iwe `Dressmaker`, kisha ongeza `Tailor`. Ukijiweka duka la nguo utaletewa watu wanaotafuta nguo za kununua.

Pini: wengi wanapotezea wateja hapa. Fremu zetu nyingi hazina namba, kwa hiyo ukiandika "Sinza" tu, pini inaweza kuangukia katikati ya Sinza, mbali na dukani. Washa mwonekano wa setilaiti, vuta kwa kidole hadi uone paa lako, pini iangukie hapo hapo. Kisha mpe mtu asiyepajua simu yake imwongoze. Akiishia uchochoroni, rudia.

Maelezo: mwisho herufi 750, lakini mistari miwili inatosha:

```
Tunashona magauni ya vitenge na sare za sendoff, na kupunguza nguo.
Tupo Sinza Afrika Sana, barabara ya Shekilango, ghorofa ya chini.
```

Maelezo hayakupandishi sana kwenye orodha. Yanamsaidia mteja asipite.

Hatua ya 3: Instagram

Kwenye sehemu ya `Name`, siyo ile ya `Username`, ongeza kazi na eneo: "Magauni | Fundi Sinza". Sehemu hiyo inatafutika. Fikiria kwanza, maana ndani ya siku 14 unaibadilisha mara mbili tu.

Kila posti bonyeza `Add location`, uchague Sinza. Ukichagua Dar es Salaam, posti yako inazama kati ya picha za harusi na ufukwe. Kwenye maelezo ya picha andika kama mtu: "Gauni la sendoff, limeshonwa hapa Sinza Afrika Sana". Humo humo tia tahajia ya pili, #africasana, kwa sababu wapo wanaoandika hivyo.

Maswali

*Mdau wa Mbagala:* Mwalimu, mimi nashonea nyumbani, sitaki watu waje. Niweke pini?
*Jibu:* Usiweke, dada. Ficha anwani, kisha taja maeneo unayofikisha nguo. Yasizidi 20, na taja yale unayofika kweli.

*Mdau wa Tabata:* Kaka, nikitafuta kwenye simu yangu natokea wa kwanza, ila simu hazipigwi.
*Jibu:* Unatafuta ukiwa umekaa dukani, na Google inaangalia umbali. Mwombe mtu aliyeko Segerea au Buguruni atafute bila jina lako. Halafu fungua `Performance` uone maneno yaliyowaleta watu. Kama yote ni jina la duka, basi wanaokuona ni wale wanaokujua tayari. Kagua aina ya biashara kwanza.

*Mdau wa Mwanza:* Niliambiwa niingize GPS ndani ya picha kabla ya kupandisha.
*Jibu:* Usipoteze bando. Ukizituma kwanza WhatsApp kama picha za kawaida, hiyo GPS inafutwa. Piga picha ya mlango na kibao cha jirani anayejulikana. Hiyo mteja anaiona akiwa kwenye bodaboda.

*Mdau wa Mbagala:* Na nikiwaomba wateja waandike maoni, niwape punguzo?
*Jibu:* Hapana, Google wanakataza. Siku anachukua nguo, mtumie linki umwombe aseme alishonewa nini. "Amenishonea sare za sendoff, nipo Kijichi" inamwambia msomaji mengi kuliko nyota tano tupu.