Picha ya kutangaza aliyepotea: chagua ya juzi, si ile nzuri

Ndugu zangu wa Tanga, mzee wa mtaani kwetu Ngamiani alipopotea, familia ilisambaza picha ya harusi ya mwanawe: kanzu, koti, kofia ya kiua, ndevu nyeusi. Picha ilipendeza, lakini ilikuwa ya miaka tisa nyuma. Mzee aliyetoka nyumbani alikuwa kakonda, ndevu nyeupe, kichwa wazi. Makondakta wa stendi ya Kange walikuwa wakitafuta mtu ambaye hayupo tena.

Basi chukua picha ya miezi hii, hata kama ni ya barazani na kavaa fulana. Uso utazame mbele, mwanga umwangukie usoni, macho na masikio yaonekane. Zile za kulainishwa ngozi kwenye simu ziache, kwa sababu zinafuta kovu na makunyanzi, na hayo ndiyo yanayomtambulisha mtu. Kama anavaa miwani kila siku, awe nayo.

Kama iliyopo ni ya zamani tu, itumie, ila andika chini yake mwaka ilipopigwa na kilichobadilika: “Sasa ndevu ni nyeupe, amekonda.”

Kata watu wengine pembeni, hasa watoto. Picha ikishazunguka, maandishi hubaki nyuma, na aliyesimama karibu naye huanza kusimamishwa njiani. Familia itume ile halisi kutoka kwenye simu iliyoipiga. Iliyopigwa tena kutoka kwenye kioo cha simu nyingine hufifia.