Somo: Kusahihisha maandishi picha ya ukurasa ikiwa ubavuni

Hapa Tanga ninahamishia kwenye kompyuta daftari la mikutano ya wakata mkonge, limepigwa taipu. Ukurasa wa kwanza niliusahihisha kwa kusoma maandishi peke yake, nikauona safi. Nilipouweka kando ya picha nikakuta mstari mzima haupo. Sentensi ilikuwa imejiunga vizuri bila huo mstari, ndiyo maana sikushtuka.

Kwanza, skani kwa dpi 300, kisha toa maandishi kwa Tesseract, programu inayosoma picha na kuigeuza maandishi. Picha na maandishi vibebe jina moja:

```
tesseract uk012.png uk012 -l swa
```

Utapata `uk012.txt`.

Pili, fungua picha, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na mshale wa kushoto. Maandishi yafungue kwenye Notepad, uyasukume kulia vivyo hivyo. Kuza picha hadi herufi za pande zote mbili zikaribiane ukubwa.

Tatu, na hapa naomba msinipuuze: msiunganishe mistari mapema. Iacheni ikatike palepale ilipokatika kwenye karatasi, hata neno lililogawanywa kwa kistari, na mzime Word Wrap. Mstari wa picha ukiwa na mwenzake upande wa pili, jicho linavuka bila kutafuta. Tena unaweza kuhesabu: ukurasa wangu ule ulikuwa na mistari 31 kwenye picha, 30 kwenye maandishi, ukiacha ile mitupu.

Nne, soma picha kwanza, ndipo uangalie maandishi. Ukianza na maandishi, akili inakuonyesha inachokitarajia. Karatasi ilisema "walisubiri nje", kompyuta ikaandika "walisubiri uje". Kikagua tahajia hakikupiga mstari mwekundu, kwa sababu "uje" ni neno halali. Ndivyo "kula" inavyogeuka "kuta".

Tarakimu nazipitia peke yake mwishoni, nikizitamka moja moja. "Mizigo 38" iliyogeuka 33 haikamatwi na maana ya sentensi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Mwandishi kakosea mwenyewe, kaandika "mkutamo". Nirekebishe?*

Marahaba mwanangu. Acha kama ilivyo. Tunasahihisha kosa la kompyuta, la mwandishi ni lake. Kama unahofia msomaji atadhani ni letu, weka maelezo nje ya maandishi.

*Kaka, neno limeliwa na mchwa nusu. Nikisie?*

Hapana, dada. Andika herufi zinazoonekana, kisha [?]. Kisio likishaingia kwenye maandishi, hakuna atakayelitofautisha na neno la kweli.

*Mistari tunaiunganisha lini, basi?*

Ukurasa ukishapitiwa na mtu wa pili. Hifadhi nakala yenye mistari iliyokatika, uunganishe kwenye nakala nyingine. Vistari vya mwisho wa mstari viondoe kimoja kimoja kwa macho: "wana-" na "chama" huungana, lakini "hapa-" na "pale" naangalia kwanza daftari limeliandikaje kwingine.