Kiunganishi Kinapobadilisha Mwandishi

Unapohariri kazi ya mwanafunzi, chunga viunganishi kuliko tahajia. Ikiwa ameandika, "Mvua ilipungua. Wakulima walihama," kuziunganisha sentensi hizo kwa "na" ni kurekebisha mtindo tu, lakini ukiweka "kwa hiyo" umekwisha kutoa hoja ya chanzo na matokeo ambayo yeye hakuitoa, na mwalimu atampa alama za fikra zako. Badala yake, andika pambizoni, "Matukio haya yanahusianaje?" kisha umwachie ajibu kwa maneno yake, hata kama jibu litakuwa na kasoro, kama ilivyo kawaida. Baadaye mwombe akueleze kwa mdomo kila sentensi uliyoigusa. Asiyoweza kuitetea ni yako, basi ifute na urudishe ya kwake.